Upande Uliokosa Rangi

Mama Jeli alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha altrasaundi, na katika miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kukutana na mtu mwenye akili timamu akipita ule mlango. Wagonjwa walikuwa hawajui wanachoumwa. Ndugu za wagonjwa walijua kila kitu, na hao ndio wabaya zaidi. Madaktari nao walisomeshwa kwa jasho la wazazi wao ili waje kuandika "tumbo linauma" kwa mwandiko kama kuku kaparura.

Lakini aliyemkalia kooni kuliko wote alikuwa tabibu wa chumba namba mbili, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni na stethoskopu shingoni hata akienda chooni. Wenzake walimwita Tabibu Gesi. Ukija umeshika tumbo, ana gesi yako. Ukija unaumwa mgongo, ni gesi imepanda. Mama Jeli alikuwa akizisoma fomu zake kwa sauti mbele ya wagonjwa, akibana pua, na wanawake kwenye benchi wakicheka hadi wanaomba waruhusiwe kwenda kujisaidia, maana wote walikuwa wamekunywa maji lita nzima wakisubiri kipimo.

Mlangoni kwake alikuwa amebandika karatasi: HAPA TUNAPIMA KILICHOANDIKWA. Watu walidhani ni utaratibu wa hospitali. Wala. Ilikuwa ni kususa. Miaka saba nyuma aliandikiwa kupima nyongo, akaona kitu kwenye figo, akakitaja kwenye ripoti, na daktari mmoja ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijakubaliana kuota akamjia juu mbele za watu: wewe kazi yako kupiga picha, utabibu tuachie sisi. Haya. Akawaachia. Tangu siku hiyo ukimwandikia ini, anapima ini. Hata kama wengu umening'inia nje, hilo si lake.

Asubuhi hiyo, yapata saa tatu, mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Akaingia mwanamume mnene mwenye shati la mikono mifupi, nyuzi za kitambaa zimemganda kwenye suruali, na nyuma yake kijana wa miaka kumi na tisa hivi aliyetembea taratibu, kainama, miguu ameitanua kidogo.

"Shikamoo mama," alisema kijana.

"Marahaba. Fomu."

Aliyeitoa fomu ni yule mnene. "Huyu ni mpwa wangu, dada," akaanza bila kuulizwa. "Mtoto wa dada yangu. Tunafanya naye kazi karakanani, tunatengeneza makochi. Tangu alfajiri analialia tumbo. Nikamwambia, wewe mwanamume mzima, tumbo tu? Mimi umri wake nilibeba kochi la watu watatu mgongoni nikiwa na homa."

"Hongera," alisema Mama Jeli, macho kwenye fomu.

Fomu ilisema: *Maumivu ya tumbo la chini, kichefuchefu. Kutapika x1. Gesi? Altrasaundi ya tumbo.* Alama ya kuuliza baada ya neno gesi ilimkera kuliko neno lenyewe. Angalau mtu awe na msimamo kwenye upumbavu wake.

"Panda. Lala chali. Pandisha shati."

Kijana alipanda kitandani kwa shida, akiuma meno. Mama Jeli akaona, na akapuuza. Alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo. Mwanamke anakuja na kijiwe cha figo, kitu kinachomfanya mtu aone nyota mchana, anapanda kitanda hiki hiki na kuuliza habari za nyumbani. Mwanamume akikwaruzwa tu, ni kilio cha matanga.

Akammwagia jeli ya baridi. Angeweza kuipasha moto, bakuli la maji ya moto lilikuwepo, lakini hilo lilikuwa la wajawazito. Akapitisha kichwa cha mashine: ini safi, nyongo safi, figo mbili mahali pake. Akashuka kwenye kibofu. Kila alivyoshuka, kijana alijikunja zaidi, na alipofika chini ya kitovu, mikono yake miwili ilikuja na kushika mkanda na mbele ya suruali, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mlango.

"Toa mikono."

Hakuitoa. Alimtazama Mama Jeli usoni, midomo imemkauka, akafungua kinywa. Kisha akamtazama mjomba wake aliyesimama miguuni pa kitanda, simu mkononi, akachelewa kusema.

"Toa mikono, baba," alisema Mama Jeli. "Hakuna anayezitaka mali zako hapa."

Mjomba aliangua kicheko. Alicheka hadi akashika ukuta. "Umemkomesha, dada. Tangu lini hizo zikawa mali."

Kijana akafunga kinywa. Akatoa mikono. Akageuza uso ukutani na kumwacha apime, na hakusema tena neno lolote. Dakika tatu baadaye Mama Jeli alikuwa amemaliza. Akamtupia karatasi ya kujifutia, akaandika: *Tumbo: hakuna tatizo lililoonekana.* Akaipiga muhuri kwa kishindo.

"Mrudishe kwa bwana wenu," alimwambia mjomba. "Mwambie gesi haionekani kwenye picha."

Aliona kasema la maana sana. Alilirudia kwa mama mjamzito aliyefuata, na yule naye akacheka, ingawa huenda ni kwa sababu kibofu kilikuwa kimejaa na alitaka mambo yaishe.

Huko chumba namba mbili, Tabibu Gesi aliposoma kwamba tumbo halina tatizo alifurahi mno, kwa sababu kwake tumbo lisilo na tatizo ndiyo gesi yenyewe. Akaandika dawa ya kutafuna na sindano ya maumivu. Kwa hiyo kijana akaketi kwenye benchi la sindano, na benchi la sindano lina foleni yake. Alikaa nusu tako. Alitapika tena kwenye ndoo ya mhudumu wa usafi, akaomba radhi, akasafisha mwenyewe. Mjomba akaenda karakanani mara moja kuangalia mafundi wake, akarudi, akamkuta pale pale.

Zamu yake ilifika saa sita na robo. Nesi wa sindano alikuwa binti mdogo, mwaka wake wa kwanza kazini, ambaye Mama Jeli alimwita Kifaranga na hakuwahi kumsalimia kwanza. Kifaranga alimpeleka nyuma ya pazia, akamwambia ashushe suruali kidogo apate tako. Suruali iliposhuka, kijana alipiga ukelele wa chini, wa kujizuia, na akashika mbele. Kifaranga hakucheka. Aliiweka sindano kwenye trei.

"Kaka," alimwambia, "hebu niambie. Ni tumbo kweli?"

Basi. Hilo tu. Swali la maneno machache, la kuulizwa na mtu yeyote mwenye mdomo. Kijana akalia.

Mama Jeli alikuwa akifungua chakula chake cha mchana mlango uliposukumwa na kiti cha magurudumu. Alimwona Kifaranga, akamwona kijana kwenye kiti, akafunga kontena.

"Huyu nimeshampima."

"Umepima tumbo, mama. Maumivu yako kwenye korodani. Ya kulia. Imevimba, na imepanda juu kuliko mwenzake. Daktari wa upasuaji yuko wodini, nimeshamtumia mtu. Nimeona wakati tunamsubiri..."

"Fomu iko wapi?"

Kifaranga alimtazama. Binti mdogo, kofia imepinda, jasho puani. "Fomu nitaiandika mimi," alisema. "Au niiandikie ukutani. Mpime, mama."

Kuna dharau za aina nyingi duniani, na Mama Jeli alikuwa mtaalamu wa karibu zote, lakini hiyo ilikuwa ngeni kwake kwa sababu ilikuwa imeelekezwa kwake. Alitaka kujibu. Kisha akamtazama kijana: midomo ya kijivu, mikono miwili pale pale ilipokuwa asubuhi.

"Mjomba, toka nje," alisema.

"Mimi ndiye niliyemleta, dada, hakuna kitu cha kunificha..."

"Toka."

Mjomba akatoka. Mama Jeli akavuta pazia. Akaiweka chupa ya jeli kwenye bakuli la maji ya moto, akahesabu hadi ishirini, akaitoa. Alikunja taulo akaliweka chini ya korodani kuziinua, akamfunika kijana sehemu nyingine zote kwa shuka, mikono yake ikifanya haraka kile ambacho ilikuwa ikikijua siku zote.

"Yameanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Yaliniamsha. Ghafla tu."

"Uligongwa? Uliumia kazini?"

"Hapana."

"Mbona hukusema asubuhi?"

Kijana alitazama pazia ambalo nyuma yake kulikuwa na mlango ambao nje yake alikuwa mjomba. "Nilitaka kusema," alijibu.

Alianza upande mzima, wa kushoto. Ndiyo kawaida ya kazi: huwezi kujua kimya ni kimya mpaka usikie kwanza sauti. Kichwa bapa cha mashine, kile cha kuona vitu vilivyo karibu na ngozi, kilimwonyesha korodani yenye umbo la yai, ya kijivu laini, sawasawa kote. Akabonyeza kitufe cha rangi. Hiyo rangi si rangi ya damu. Ni mashine inapaka tu ili macho yaelewe, damu inayokuja upande wa kichwa cha mashine inaipaka nyekundu, inayokwenda kinyume inaipaka buluu. Vitone vikawaka ndani ya kile kijivu, vyekundu na buluu, vikipiga kwa kufuata mapigo ya moyo. Damu inaingia, damu inatoka. Hapo hapana neno.

Hakugusa mpangilio wowote wa mashine. Akahamia kulia.

Ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, imelala ubavu badala ya kusimama, na kijivu chake kilikuwa kimeanza kuchafuka, mabaka mabaka. Ndani yake hakukuwa na kitone. Alishusha kipimo cha kasi ili mashine iweze kunasa hata damu inayotambaa. Hakuna. Akapandisha nguvu ya rangi mpaka kisanduku kizima cha rangi kwenye skrini kikajaa chenga za uongo, akaishusha taratibu hadi chenga zikaisha, na zilipoisha hakikubaki kitu. Akaweka alama katikati ya korodani apate mchoro wa mapigo. Upande wa kushoto ulikuwa umemchorea vilima, kimoja baada ya kingine. Huku ukachorwa mstari mmoja, tambarare, kutoka mwanzo wa skrini hadi mwisho.

Akapanda juu, kwenye kamba ambayo korodani huning'inia nayo. Ndani ya kamba hiyo mnapita kila kitu: mshipa unaoleta damu, mishipa inayoirudisha, na mrija wa mbegu. Rangi iliteremka nayo vizuri kutoka kwenye nyonga, ikafika mahali, ikakoma. Hapo kamba ilikuwa imejikunja juu yake yenyewe, duara ndani ya duara, kama nguo inayokamuliwa.

"Ona," alimwambia Kifaranga, sauti imeshuka. "Imejisokota. Kwanza inaibana mishipa laini, ile ya kurudisha damu. Damu inaingia, haitoki, korodani inavimba. Ikivimba inajibana zaidi, mpaka na mshipa wa kuleta unafungwa. Hapo inakosa hewa, inakosa chakula. Haina njia nyingine ya kupata damu inayoitosha, ni kamba hiyo moja tu."

"Inavumilia muda gani?"

"Ikifunguliwa ndani ya saa sita, karibu zote zinapona. Baada ya hapo kila saa inayopita unapoteza." Alitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika thelathini na tano. Alihesabu kutoka saa kumi na moja alfajiri, na alipofika kwenye saa tatu akasimama, akahesabu upya kana kwamba hesabu ilikuwa na hiari ya kutoa jibu jingine. Saa nne. Alipolala kwenye kitanda hiki mara ya kwanza, kijana alikuwa na saa nne tu.

Daktari wa upasuaji alifika anakimbia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiye na utani, wafanyakazi wakimwita Kisu, na alikuwa mtu pekee pale hospitali ambaye Mama Jeli hakuwahi kumtungia jina la kwake. Hakuitazama skrini. Alivaa glovu, akashika, akaona ilivyopanda na ilivyolala. Akapitisha kidole upande wa ndani wa paja la kulia: korodani haikushtuka. Akapitisha kwenye paja la kushoto: ile ya kushoto ikaruka juu, kama inavyotakiwa.

"Mchome dawa ya maumivu kwenye mshipa," alimwambia Kifaranga. Kisha kwa kijana: "Nitajaribu kuizungusha kwa mkono, kuelekea nje. Itauma. Ikikubali, utapata nafuu hapo hapo, na bado utakwenda chumba cha upasuaji."

Haikukubali. Kijana aliuma taulo. Kisu akaacha mara moja, hakujaribu ubishi.

"Pelekeni sasa hivi. Wapigieni wa dawa ya usingizi." Akavua glovu. Ndipo akatazama skrini, muda mfupi. "Picha nzuri."

"Hakuna mtiririko kabisa," alisema Mama Jeli. "Na kamba..."

"Naona. Nani alimpima asubuhi?"

"Mimi."

"Ulipima nini?"

"Tumbo. Ndilo lililoandikwa."

Kisu alitupa glovu kwenye ndoo. "Picha nzuri sana," alirudia. "Lakini kijana wa umri huu, maumivu ya ghafla, anatapika, amejishika pale, mimi picha ya nini? Simu tu ingetosha. Ungenipigia saa tatu ukasema kuna mtoto hapa anajishika, ningekuja na kisu mkononi." Akatoka akikifuata kiti cha magurudumu cha kijana, na mlangoni akamkuta mjomba. Alimweleza kwa sentensi nne: korodani imejisokota, naenda kuifungua, ikiwa imekufa nitaitoa, na ile ya pili nitaishona mahali pake kwa sababu ulegevu wa huku huwa upo na kule. Kijana ana miaka kumi na tisa, sahihi ataweka mwenyewe. Mjomba, aliyebeba kochi la watu watatu akiwa na homa, akakaa sakafuni.

Mama Jeli alirudi kazini. Angefanya nini kingine? Benchi lilikuwa limejaa. Alipima mimba ya wiki ishirini, akapima mimba ya wiki thelathini na mbili, mapigo ya moyo ya watoto wa watu yakapiga chumba kizima, naye akawaambia mama zao mtoto mzima, mtoto hajambo, bila kusikia anachosema. Kila mara alipobonyeza kitufe cha rangi alikiona kile kijivu kitupu. Alijichukia kwa namna ambayo alikuwa akiwachukia wengine, kwa ukamilifu, bila kubakiza.

Saa tisa kasoro Kisu alipitisha kichwa mlangoni, kofia ya upasuaji bado kichwani.

"Mizunguko miwili kamili," alisema. "Nimeifungua, nimeifunga kwa vitambaa vya maji ya moto, nimesubiri dakika kumi na tano. Imebaki nyeusi. Nimeichana kidogo, haikutoa damu. Nimeitoa. Ya kushoto nimeishona. Atazaa, ataota ndevu, moja inatosha. Nimemwambia hivyo." Na akaondoka, kwa sababu alikuwa na mgonjwa mwingine.

Mama Jeli alikuwa bado amesimama pale pale Tabibu Gesi alipoingia. Alifunga mlango nyuma yake kwa adabu, akajisogeza karibu. Kalamu zake zilikuwa tatu kama kawaida.

"Dada yangu," alisema, "nimesikia. Pole sana."

"Pole ya nini? Mimi nimetolewa kitu?"

"Namaanisha, sisi. Hali yetu." Akashusha sauti. "Nimefikiria. Mimi niliandika tumbo, kwa sababu yeye alisema tumbo. Wewe ukapima tumbo, kwa sababu mimi niliandika tumbo. Hakuna aliyekosea hapo. Ila ile ripoti ya asubuhi ikikaa kwenye faili, watu wana midomo, unawajua. Isipokuwepo, mgonjwa amefika saa sita, tumemwona, tumemtibu. Faili liko mezani kwangu. Nakuja tu kukubaliana, maana mimi na wewe ni kitu kimoja."

Mama Jeli alimtazama. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akimdharau mtu huyu kila siku ya kazi, akimwigiza sauti, akizisoma fomu zake kama vichekesho, na sasa alikuwa amesimama mbele yake akimwita mwenzake. Na ubaya wa jambo ni kwamba hakuwa anamsingizia. Ule uvivu wa tabibu wa kutouliza, na ile jeuri yake yeye ya kutouliza, vilikuwa vimekaa mezani pamoja, na hakuna mtu ambaye angeweza kuvitenganisha. Kama kulikuwa na tofauti, ni kwamba bwana huyu hakuona chochote, na yeye aliona mikono ya mtoto kwenye mkanda akaifanyia mzaha.

"Nipe hilo faili," alisema.

Tabibu alilileta mbio, akidhani wamekubaliana. Mama Jeli alichukua ripoti ya asubuhi, na chini ya maneno *hakuna tatizo lililoonekana* akaandika, kwa mwandiko wake ule mkubwa unaosomeka: *Saa 3 asubuhi. Mgonjwa alikuwa ameshika sehemu za siri. Sikumuuliza. Sikupima.* Akaweka sahihi. Akapiga muhuri. Akamrudishia.

"Ya kwako kaandike mwenyewe. Kama utaichana hii, nitaandika nyingine, nina rimu nzima ya karatasi."

"Dada, unajimaliza."

"Toka, Tabibu."

Wodi ya wanaume ilikuwa mwisho wa korido. Kijana alilala chali, miguu bado haina hisia kwa sindano ya ganzi aliyochomwa mgongoni, dripu inadondoka. Mjomba alikuwa nje kwenye ngazi akimpigia simu dada yake, na sauti yake ilisikika hadi ndani, akieleza tangu mwanzo, kila mara akirudia kwamba hakujua. Mama Jeli alivuta kigoda akakaa. Hakujua kukaa kando ya mgonjwa. Kazini kwake wagonjwa hulala na yeye hutazama skrini.

"Shikamoo mama," alisema kijana.

Ilimchoma. "Marahaba, mwanangu. Unajisikiaje?"

"Siumwi sasa." Alimeza mate. "Asante. Nesi ameniambia wewe ndiye uliyeiona kwenye mashine."

Mama Jeli akavuta kigoda karibu zaidi.

"Kosa ni langu," kijana aliendelea, polepole, kama mtu aliyekuwa akijisomea jambo hilo muda mrefu. "Nilichelewa kusema. Ningekuwa nimesema mapema... Mjomba amesema hivyo pia. Kasema ningejikaza nikasema, ingepona. Nimeshaelewa. Ni aibu tu ilinishika."

Angeweza kuacha. Hapo ndipo angeweza. Mtoto mwenyewe ameshajihukumu, mjomba ameshagonga nyundo, kilichobaki ni yeye kusema pole mwanangu, Mungu akuponye, na kurudi chumbani kwake. Aliikunja mikono mapajani.

"Hukuchelewa," alisema. "Nisikilize. Ulifika kwangu saa tatu. Ulishika mahali panapouma, mbele ya macho yangu, ukanitazama, ukafungua mdomo. Mimi nikakufanyia mzaha mbele ya mjomba wako. Aibu hukuja nayo wewe. Niliileta mimi."

Kijana alikuwa akitazama dari. Nje, mjomba alikuwa amefika mahali pa kulia kwenye simu.

"Saa tatu," alisema kijana, "ilikuwa bado hai?"

Mama Jeli alijua majibu mengi ya kumzungushia. Miili inatofautiana. Hakuna daktari anayeweza kusema kwa hakika. Yote hayo yalikuwa ya kweli.

"Karibu hakika, ndiyo," alisema. "Ilikuwa hai."

Machozi yalimtoka kijana pembeni mwa jicho na kuteremka sikioni, naye hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na dripu na wa pili ulikuwa umeshikilia shuka. Mama Jeli akanyoosha mkono wake amfute, na kijana akageuza uso upande wa pili.

"Mama," alisema, bado kwa adabu, kama alivyolelewa, "naomba utoke."

Akatoka.